Hisa zilizouzwa Alhamisi na kukabidhiwa Jumanne: siku tatu za katikati ni za nani?

Swali limetufikia kutoka kwa familia yenye asili ya Wete, Pemba, ambayo baba yao alihamia Mpanda miaka mingi iliyopita na kufungua duka la jumla. Marehemu alikuwa na hisa 1,500 za kampuni moja ya saruji iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE. Siku ya Alhamisi alimpigia simu dalali wake Dar es Salaam, akauza hisa 500 kwa shilingi 4,000 kila moja. Usiku wa Jumamosi akafariki dunia. Jumatatu, mtoto mkubwa alipotazama akaunti ya hisa ya baba yake aliona bado imeandikwa 1,500, wala hakuna fedha iliyoingia benki. Ami yao akasema kwamba mauzo hayo hayapo, kwani mwenye mali amekufa kabla ya kukabidhi wala kupokea. Mjane naye akasema mumewe alimwambia kwa mdomo wake kuwa ameshauza. Wanauliza: warithi wagawane hisa 1,500, au hisa 1,000 na fedha?

Tumebadilisha baadhi ya mambo ili familia isijulikane, na bei tuliyoitaja ni ya mfano tu. Hata hivyo swali lenyewe linazigusa nyumba nyingi visiwani ambazo zina mtu wao bara, na wengi walionunua hisa hawajawahi kuelezwa nini hutokea baina ya siku ya kuuza na siku ya kukabidhi. Tutaanza na namna jambo lenyewe linavyokwenda, kisha hukumu yake, kisha hesabu ya mirathi.

Daftari lisilo na magunia

Wakulima wa Katavi wanaujua utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mazao ghalani, hupimwa, naye hupewa karatasi inayosema kuwa ana kilo kadhaa. Akiuza, gunia halitoki pale lilipo. Kinachobadilika ni jina la mwenye mali katika daftari la ghala, na mnunuzi huja na jina lake kuchukua mzigo anapotaka.

Hisa za DSE zinafanana na hilo kwa sehemu kubwa. Ghala lake linaitwa CSDR, ambayo ni kampuni tanzu ya DSE inayotunza kumbukumbu za umiliki wa hisa na hati fungani. Mtu anayenunua hisa kwa mara ya kwanza hufunguliwa akaunti humo, maarufu kama akaunti ya CDS, yenye namba yake, jina lake kamili, anwani, simu na akaunti ya benki. Dalali ndiye anayemfungulia, lakini hisa hazikai kwa dalali. Dalali akifunga ofisi au akifilisika, hisa zako zinabaki kwa jina lako katika daftari kuu. Hili ni muhimu kulifahamu, kwa sababu watu wengi husema "hisa zangu ziko kwa dalali" kana kwamba ameziweka kabatini.

Si kila nchi inafanya hivyo. Marekani, hisa nyingi zinazouzwa sokoni zimeandikwa katika madaftari ya makampuni kwa jina moja la Cede & Co., ambalo ni jina la uwakilishi la hazina kuu ya huko. Mwenye hisa halisi huonekana katika vitabu vya dalali wake tu. Hapa kwetu, mwananchi wa kawaida wa Mpanda au wa Micheweni huandikwa yeye mwenyewe, kwa jina lake, katika daftari la juu kabisa. Kwa suala la mirathi na la ushahidi wa umiliki, hiyo ni nafuu kubwa.

Tofauti moja na ghala la mazao haina budi itajwe. Ghalani kuna ufuta au mpunga unaoweza kuushika. Ndani ya CSDR hakuna kitu cha kushika. Hisa yenyewe ni sehemu ya ushirika iliyochanganyika katika mali yote ya kampuni: mitambo, ardhi, akiba na madai yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jedda mwaka 1992, lilieleza hivyo hivyo, kwamba kinachouzwa ni sehemu hiyo ya mali ya kampuni, na karatasi ya hisa ni ushahidi wa haki ya mtu katika sehemu hiyo. Kwa hiyo mwenye stakabadhi ya zamani ya karatasi aliyoipoteza hajapoteza hisa, maadamu jina lake limo daftarini. Na mwenye karatasi mkononi ambaye jina lake limeshatoka daftarini hana hisa.

Alhamisi mpaka Jumanne

Sasa tufuate mauzo ya marehemu hatua kwa hatua.

Alhamisi asubuhi anapiga simu. Anachompa dalali ni agizo: uza hisa 500, bei isipungue shilingi 4,000. Agizo si mauzo. Ni uwakala. Dalali huliingiza katika mfumo wa soko, na kwa kawaida kabla ya hapo hutazama kama hisa hizo zimo kweli katika akaunti ya CDS ya mteja na hazijawekwa rehani kwa mkopo.

Mchana wa Alhamisi anapatikana mnunuzi wa bei hiyo. Mfumo unayakutanisha maagizo mawili, la kuuza na la kununua, na hapo ndipo mauzo yanapofungika. Tokea dakika hiyo bei imekatika. Ijumaa hisa ikipanda mpaka 4,300, muuzaji hawezi kusema amebadili nia, na ikishuka mpaka 3,700 mnunuzi naye hawezi kukimbia. Siku hii huitwa T, na dalali wa kila upande humwandikia mteja wake karatasi ya muamala yenye idadi, bei, makato na tarehe ya makabidhiano.

Makabidhiano ni T+3, yaani siku ya tatu ya kazi baada ya siku ya mauzo. Ijumaa ni siku ya kwanza. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Jumatatu ni ya pili, na Jumanne ni ya tatu. Ikiwa katikati ipo sikukuu ya kitaifa, nayo hurukwa. Aliyeuza Ijumaa ya mwisho wa Ramadhani, kisha Idi ikaangukia Jumatano na Alhamisi, atahesabu Jumatatu moja, Jumanne mbili, na ya tatu itakuwa Ijumaa. Ndiyo sababu watu wanaotegemea fedha za hisa kwa matumizi ya Idi huumia kila mwaka: wanauza wakiwa wamechelewa.

Kwa nini zote hizo? Katika siku hizo madalali wa pande mbili wanathibitisha kwamba walichofunga ndicho kilichoandikwa, kwamba jina na namba ya akaunti ni sahihi, kwamba hisa za muuzaji zipo na kwamba fedha za mnunuzi zimefika benki na zinaweza kuhamishwa. Wawekezaji wakubwa, kama mifuko ya pensheni au wageni wa nje, hutumia benki zinazowatunzia mali, na benki hizo nazo zinahitaji muda wa kuthibitisha. Si lazima iwe siku tatu. Marekani ilikuwa na siku mbili kuanzia mwaka 2017, kisha Mei 2024 ikashuka kuwa siku moja. Ni suala la uwezo wa mifumo na mazoea ya soko.

Jumanne ndiyo siku ya makabidhiano. Kanuni yake ni kwamba mkono huu unatoa na ule unatoa kwa pamoja: hisa haitoki kwa muuzaji bila fedha kutoka kwa mnunuzi, wala fedha haitoki bila hisa. CSDR inapunguza 500 katika akaunti ya muuzaji na kuongeza 500 katika akaunti ya mnunuzi. Fedha zinakwenda kwa dalali wa muuzaji, naye anazipeleka benki kwa mteja. Ndiyo maana mara nyingi hisa hutoka Jumanne lakini ujumbe wa benki huonekana baadaye kidogo.

Basi yule kijana alipoona 1,500 siku ya Jumatatu hakuona kosa, wala hakuona dalili kwamba mauzo yamefutika. Aliliona daftari siku moja kabla halijageuzwa. Taarifa ya akaunti ya CDS inasema nini kimeshakabidhiwa. Haisemi nini kimeshauzwa. Anayetaka kujua kilichouzwa aitafute karatasi ya muamala.

Je, akadi hii ni sahihi?

Baadhi ya wasomaji wetu wameuliza kama mauzo ya namna hii hayaingii katika makatazo mawili yanayojulikana: kuuza deni kwa deni, na kuuza kitu ambacho mtu hajakipokea. Tuyatazame moja moja.

Kuuza deni kwa deni ni pale vitu vyote viwili, bidhaa na thamani, vinapokuwa ahadi tu katika dhima za watu kwa muda uliowekwa. Katika mauzo ya kawaida ya DSE, hisa zinazouzwa zipo, zimejulikana, zimo katika akaunti ya muuzaji siku ile ile ya akadi. Mnunuzi wa kawaida naye huwa ameshapeleka fedha zake kwa dalali kabla agizo halijaingizwa. Siku tatu ni muda wa uandishi na uhakiki. Hakuna aliyeziuza kama muda wa mkopo, wala bei haiongezeki kwa ajili yake. Hali hiyo iko mbali na mikataba ya bei za baadaye, ambapo watu wawili hupatana bei ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anacho wala ana nia ya kukipokea.

Lililo haramu bila shaka ni kuuza hisa usizo nazo kwa kutegemea kuazimwa na dalali siku ya kukabidhi. Kikao hicho hicho cha Jedda kililikataza kwa kuwa ni kuuza asichomiliki muuzaji. Soko likihakikisha hisa zimo katika akaunti kabla ya kuuzwa, mlango huo umefungwa, lakini Muislamu asitegemee mfumo umzuie. Ajizuie mwenyewe.

La pili ni gumu zaidi: mnunuzi aliyenunua Alhamisi, je, anaweza kuziuza Ijumaa kabla hazijaandikwa kwa jina lake? Madhehebu yametofautiana katika kuuza kabla ya kupokea. Mashafi, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, hawaruhusu kitu chochote kuuzwa kabla mnunuzi hajakipokea. Mahanafi wanaitoa ardhi na visivyohamishika. Mamaliki wanalifungia katazo katika chakula. Kuhusu kupokea kwenyewe, Baraza la Fiqhi lilikubali mwaka 1990 kwamba kuandikwa katika akaunti ya benki ni kupokea kihukumu, na likavumilia ucheleweshaji wa uandishi kwa muda unaojulikana sokoni, lakini likaweka sharti kwamba mpokeaji asiitumie fedha hiyo mpaka uandishi umekamilika. Kwa upande wa hisa, viwango vya taasisi ya AAOIFI vinaruhusu mnunuzi kuziuza baada ya taratibu za mauzo kukamilika na dhamana kumhamia, hata kama makabidhiano ya mwisho bado.

Sisi tunashauri kungoja siku ya tatu. Kwanza kwa kutoka katika khilafu, hasa kwa mfuasi wa Imamu Shafi. Pili kwa sababu ya kivitendo: kwa kawaida hisa ambazo hazijaingia katika akaunti yako ya CDS dalali hatakuwa na pa kuziuzia. Na dhamana tuliyoitaja ina maana nzito: bei ikishuka Ijumaa, hasara ni ya mnunuzi, japokuwa jina lake halijaandikwa. Hilo lenyewe linaonyesha kuwa akadi imeshatimia.

Jibu la familia ya Mpanda

Sasa tunaweza kujibu. Mauzo ya hisa 500 yalifungika Alhamisi, marehemu akiwa hai, ana akili timamu, na kwa idhini yake. Kifo hakivunji akadi iliyokwisha kutimia. Kilichobaki baada ya kifo ni wajibu wa kukabidhi hisa na haki ya kupokea fedha, na vyote viwili vimeingia katika mali aliyoacha. Basi kauli ya mjane ndiyo sahihi: mirathi ni hisa 1,000 na thamani ya hisa 500.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo familia ililitaja kwa kupita tu, na sisi tukaona ndilo lenye hatari zaidi. Alhamisi hiyo hiyo marehemu aliacha agizo jingine: auziwe hisa 300 nyingine bei ikifika 4,500. Bei haikufika. Agizo hili ni uwakala ambao haujatekelezwa, na uwakala hukatika kwa kufa aliyewakilisha. Hisa hizo zimekuwa za warithi tokea Jumamosi usiku. Dalali, ambaye hajui msiba uliotokea Mpanda, anaweza kuziuza Jumatano kwa nia njema kabisa, na hapo familia itaanza kesi isiyo na lazima. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya baada ya maziko, kabla hata ya kuuliza nani arithi nini, ni kumpigia dalali simu na kumwandikia: mteja amefariki, futa maagizo yote yaliyo wazi. Familia hii ilifanya hivyo Jumanne asubuhi, na agizo likafutwa.

Ami yao alikuwa na haki katika hili la pili, na alikosea katika la kwanza. Alichanganya agizo na mauzo.

Hesabu

Hisa 500 kwa shilingi 4,000 ni shilingi 2,000,000. Dalali, soko, msimamizi wa masoko na hazina ya hisa hukata ada zao kutoka hapo. Kwa mfano wetu tuseme zote pamoja ni asilimia 2, yaani shilingi 40,000. Inabaki shilingi 1,960,000. Msomaji asitumie asilimia yetu; asome makato halisi katika karatasi ya muamala.

Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Wazazi wake walitangulia. Tunachukulia kwamba gharama za maziko, madeni na wasia ndani ya theluthi vimeshatolewa, kwani hivyo hutangulia mgao wowote. Mke ana thumni kwa kuwa kuna watoto. Kinachobaki kinagawiwa mafungu matano, kila mtoto wa kiume mawili na wa kike moja.

Katika fedha, mke anapata shilingi 245,000. Zinabaki 1,715,000, na fungu moja ni 343,000. Kila mtoto wa kiume anapata 686,000 na wa kike 343,000.

Katika hisa 1,000, mke anapata 125. Zinabaki 875, na fungu moja ni hisa 175. Kila mtoto wa kiume anapata 350 na wa kike 175. Hapa zimegawika sawasawa. Zisipogawika, warithi wapatane kuuza chache na kugawana thamani yake, kwani nusu ya hisa haiandikwi katika daftari.

Kutoka daftari la marehemu mpaka la warithi

Hesabu ya mirathi peke yake haihamishi hisa. CSDR haitaandika jina la mjane kwa sababu shekhe wa mtaa amempigia hesabu. Inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mali ya marehemu, naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Marehemu aliishi Mpanda, kwa hiyo familia ilielekezwa kufungua shauri huko huko Mpanda, katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina uwezo wa kusikiliza mirathi ya Kiislamu. Wanandugu wa Pemba walitaka kwenda kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu Zanzibar kwa kuwa ndiko walikozoea. Hizo ni njia za mali na makazi ya Zanzibar, na mfumo wa mahakama wa Zanzibar ni mwingine. Kwa mtu aliyekuwa na makazi bara na mali bara, kuanzia visiwani kunaweza kuwarudisha mwanzo baada ya miezi kadhaa. Mjane aliye katika eda hana haja ya kusafiri kwa ajili hiyo. Anaweza kukubaliana na watoto wamteue mmoja wao kuwa msimamizi.

Msimamizi akishateuliwa, humpelekea dalali cheti cha kifo, hati ya uteuzi ya mahakama, taarifa za akaunti ya CDS ya marehemu na vitambulisho vya warithi. Kila mrithi ambaye hana akaunti ya CDS hufunguliwa yake. Kisha hisa zinahamishwa kutoka jina la marehemu kwenda kwa kila mrithi kwa idadi yake. Uhamisho huu haupiti sokoni na hauna bei, kwa sababu si mauzo. Msimamizi asiambiwe kwamba njia nyepesi ni kuuza zote na kugawana fedha. Mrithi anayetaka kubaki na hisa zake ana haki hiyo.

Fedha za hisa 500 nazo zinakwenda katika akaunti ya benki ya marehemu, na benki ikishajua kuwa mwenyewe amefariki huizuia mpaka msimamizi aje. Kuna watoto ambao huwahi kuzitoa kwa simu au kadi ya baba kabla habari hazijafika benki. Hiyo ni kula mali ya warithi wenzao, hata kama nia ni kulipia hitima.

Mahali mambo yanapokwama

Katika maswali tunayopata, kikwazo kikubwa ni jina. Mtu alijiandikisha miaka ya nyuma kama Mohamed Ali Juma, kitambulisho cha taifa kinasema Mohammed Ally Juma, na cheti cha kifo kimeandika Mzee Mohamed Ali. Kwa binadamu ni mtu mmoja. Kwa daftari ni watatu, na uhamisho husimama mpaka kiapo kiletwe. Aliye hai asahihishe leo kupitia dalali wake.

La pili ni gawio. Kampuni inapotangaza gawio hutaja siku ya kufunga daftari, na humlipa yule ambaye jina lake limo siku hiyo. Kampuni ya mfano wetu ingefunga daftari Jumatatu ile, gawio la hisa 500 lingeandikwa kwa jina la marehemu, japokuwa ameshaziuza Alhamisi, kwa sababu kukabidhi ni Jumanne. Soko hutangaza mapema kuanzia siku gani hisa inauzwa bila gawio, ili mnunuzi ajue kwamba halinunui. Anayenunua kwa kutaka gawio ahesabu siku tatu za kazi kurudi nyuma, na asingoje siku ya mwisho.

La tatu ni akaunti ya benki iliyokufa au simu iliyobadilishwa. Hisa zipo, jina lipo, lakini gawio la miaka halina pa kuingia.

Njia ya kuyajua haya yote ni moja. Baada ya kila mauzo au manunuzi, weka karatasi ya muamala. Siku ya nne ya kazi, omba taarifa ya akaunti yako ya CDS kwa dalali, au itazame mwenyewe kwa simu kupitia huduma ya DSE ya Hisa Kiganjani. Linganisha mambo matatu: idadi, jina na tarehe. Vikipatana, makabidhiano yamekamilika. Visipopatana, uliza siku hiyo hiyo kwa maandishi, kwanza kwa dalali, kisha CSDR, na mwisho kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, ambayo ndiyo inayowapa madalali leseni.

Na mwenye hisa aandike mahali ambapo mkewe au mumewe anapajua: namba ya akaunti ya CDS, jina la dalali, na maagizo aliyoyaacha wazi. Yule mjane wa Mpanda alikuwa na kauli ya mumewe tu. Kilichomaliza ugomvi ni karatasi ya muamala waliyoikuta Jumatano ndani ya daftari la madeni ya duka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.